Mtoto Mkaidi na Vikao Kumi vya Mzazi Wake

Mzazi anapompeleka mtoto mkaidi kwa mshauri, aghalabu hutaraji kumwacha mlangoni na kumchukua baadaye akiwa ametengenea. Hushangaa basi anapoambiwa kwamba katika vikao vingi mtoto atabaki nyumbani, na atakayekuja kila wiki ni mzazi. Njia hii huitwa mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Russell Barkley aliipanga katika hatua kumi, katika mwongozo alioutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 kwa ajili ya washauri wanaohudumia watoto wa miaka 2 hadi 12. Misingi yake ni ya kazi za watu waliomtangulia, hasa Constance Hanf na Gerald Patterson, wote wawili wa jimbo la Oregon.

Makala haya yameandikwa kwa utaratibu wa mwongozo huo, kikao baada ya kikao, yakimhutubia mshauri anayeviongoza. Msomaji aliye mzazi atanufaika nayo vilevile, kwa kuwa atajua nini ataombwa kufanya, na kwa nini jambo fulani hutangulizwa na jingine hucheleweshwa. Mpangilio huo ndio kiini cha kazi yote.

Ili maelezo yasielee hewani, tumebuni familia moja ya mfano. Mtoto ni mvulana wa miaka saba anayeishi Mombasa na wazazi wake, nyanya yake, na dada yake wa miaka minne. Baba hufanya kazi za zamu, mara usiku mara mchana. Kila siku mtoto atokapo skuli, huagizwa akoge na kuvaa kanzu aende chuoni, na kila siku huwa vita. Mwalimu wa chuo amekwisha kusema kwamba hali ikiendelea hivi hatampokea tena, na ami yake anashauri apelekwe bweni, mbali na nyumbani.

Kabla ya kikao cha kwanza

Si kila mtoto mbishi ana tatizo linalohitaji vikao. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, huorodhesha dalili nane: mtoto hupandwa na hasira mara kwa mara, hukereka upesi, hujaa kinyongo, hubishana na wakubwa, hukataa maagizo waziwazi, huwaudhi watu kusudi, huwatupia wengine lawama za makosa yake, na hulipiza kisasi. Zinatakiwa angalau nne, ziwe zimedumu miezi sita, na zijitokeze kwa mtu asiyekuwa ndugu yake wa kuzaliwa tu. Kwa mtoto aliyetimu miaka mitano, takriban dalili zote hizo zihesabiwe iwapo hutokea angalau mara moja kwa wiki.

Kabla ya kuanza, mshauri aondoe shaka katika mambo machache. Je, mtoto anasikia vizuri? Anaifahamu lugha anayoagizwa kwayo? Analala vya kutosha? Kuna mtu anayemuumiza? Ukaidi ulioanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mtulivu usichukuliwe kuwa tabia. Huenda ni jambo lililompata, na hilo ndilo la kutafutwa kwanza. Aidha, mama aliyezidiwa na huzuni hata kuamka asubuhi ni mzigo, au anayepigwa nyumbani, ahudumiwe yeye kwanza. Kumpa kazi za kila wiki katika hali hiyo ni kumwongezea jambo jingine la kushindwa.

Hatimaye mzazi apewe daftari. Kwa wiki moja aandike kila agizo alilompa mtoto na kama lilitekelezwa kwa kusemwa mara moja. Asibadilishe lolote, ahesabu tu. Mama wa mfano wetu alirudi na maagizo arobaini na mawili, na yaliyotekelezwa mara moja yalikuwa tisa.

Kikao cha kwanza: kuufahamu mtego

Kikao hiki ni cha maelezo na huchukua kama saa moja na nusu. Waite wote wanaomlea mtoto. Katika familia yetu ya mfano ni mama, baba na nyanya. Waeleze kwamba ukaidi huchangiwa na mambo manne: maumbile ya mtoto mwenyewe, kwa kuwa wako wanaozaliwa wepesi wa hasira; hali za wazazi; dhiki zinazoipata nyumba; na yale yanayofuatia pale mtoto anapokaidi. Matatu ya mwanzo ni vigumu kuyabadilisha. La nne ndilo lililo mikononi mwa mzazi, na ndilo linaloshughulikiwa katika vikao.

Kisha mwombe mama asimulie mchana mmoja, neno kwa neno. Mama asema, "Nenda kakoge." Mtoto hajibu. Arudia mara tano, kila mara sauti ikipanda. Mtoto naye apaza sauti, kisha arusha kiatu. Mama, akiwa hoi, asema, "Haya, kaa! Usiende!" Nyumba yatulia. Hapo mweleze kila mmoja alichojifunza. Mtoto amejifunza kwamba akizidisha ghasia kazi huondoka. Mama naye amejifunza kwamba akisalimu amri kelele hukoma. Wote wawili wamelipwa, na kwa hiyo wote wawili watarudia kesho.

Siku nyingine mama huchukua ufagio, na mtoto huenda kukoga. Yaonekana kama ushindi, lakini ni mtego uleule uliogeuzwa. Mtoto amefundishwa kwamba maneno sita ya mwanzo hayana maana, na kwamba agizo la kweli huja pamoja na kipigo. Mama amefundishwa kwamba bila kipigo hakuna kinachofanyika. Mwaka hadi mwaka fimbo itabidi izidi, na mtoto atafikia kimo ambacho haitamfaa kitu. Patterson ndiye aliyeuchunguza mzunguko huu kwa miaka mingi, kwa kuzitazama familia ndani ya nyumba zao na kuandika yanayopita dakika baada ya dakika.

Tahadhari kwa mshauri: usilieleze hili kwa namna ya kumlaumu mama. Mtego huu huwanasa zaidi wazazi wa watoto wagumu, kwa kuwa ndio wanaochoshwa zaidi.

Kikao cha pili: muda wa pekee

Hapa wazazi wengi hukata tamaa, kwa kuwa walikuja kutafuta adhabu nao wanapewa mchezo. Agizo la wiki hii ni hili: kila siku, au kwa uchache siku tano katika wiki, mzazi akae na mtoto dakika 15 hadi 20 katika mchezo anaouchagua mtoto mwenyewe. Katika muda huo mzazi haagizi, haulizi maswali, hasahihishi, wala hafundishi. Hutazama, husimulia kwa sauti yale mtoto anayoyafanya, kama mtangazaji wa mpira, na husifu kinachostahili sifa. Mtoto akifanya utundu mdogo, mzazi hugeuza uso. Ukizidi, muda humalizika kwa siku hiyo.

Jambo hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mfanyishe mzazi mazoezi mbele yako, wewe ukiwa mtoto. Katika dakika mbili utasikia, "Mbona gari hilo umeliweka hapo? Hili rangi gani?" Swali ni agizo lililojificha, kwa kuwa humlazimisha mtoto kujibu. Mrudishe kwenye maneno kama, "Naona umezipanga gari zote mstari mmoja. Umezipanga vizuri sana."

Sifa nayo ina namna yake. "Mtoto mzuri" haimwambii mtoto chochote. "Umemwachia dada yako apite, nimependa" humwambia hasa kilichopendwa. Na isifungwe na mkia wa "laiti ungekuwa hivyo kila siku," maana mkia huo hugeuza sifa kuwa lawama.

Sababu ya kuutanguliza muda huu ni hesabu tupu. Mtoto mkaidi hupata sehemu kubwa ya uangalizi wa wazazi wake anapokosea. Akitulia, kila mtu hupumua na kumwacha. Uangalizi wa mzazi ni kama maji, nao umekuwa ukinywesha magugu. Aidha, adhabu inayokuja baadaye ni kumnyima mtoto uangalizi kwa muda mfupi. Asiyekuwa na kitu hanyimwi kitu. Mshauri atakayekubali kurukia kikao cha tano kwa sababu wazazi wana haraka, atagundua kwamba kiti cha kutulia hakifanyi kazi katika nyumba isiyo na muda wa pekee.

Kikao cha tatu: namna ya kuagiza

Sasa uangalizi ule uhamishiwe kwenye utiifu. Fungueni daftari la maagizo arobaini na mawili myapitie moja moja. Mtaona kwamba mengi hayakuwa maagizo. "Utakoga leo au vipi?" ni swali, na jibu lake laweza kuwa "La." "Hebu tukakoge" ni mwaliko. "Koga, uvae kanzu, uchukue msahafu, na ule ubao usiusahau" ni mambo manne kwa mtoto anayeweza kushika moja.

Mfundishe mzazi kanuni chache. Asiagize jambo ambalo hana nia ya kulisimamia hadi mwisho. Azime televisheni kwanza, amkaribie mtoto, amtazame usoni. Aseme jambo moja, kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida, wala asiulize. Akiwa na shaka kwamba limesikika, amwambie mtoto alirudie. Kisha anyamaze na kusubiri. Mtoto akianza tu kutekeleza, asifiwe papo hapo, asingojewe mpaka amalize.

Kwa mazoezi, mzazi achague mara mbili au tatu kwa siku wakati mtoto hana shughuli, na kwa dakika chache ampe maagizo matano au sita mepesi, kama "Nipe kikombe hicho" au "Funga dirisha," akimshukuru kwa kila moja. Lengo ni mtoto ajizoeze kutii na aonje utamu wake. Asiyetii wakati huo aachwe tu, bila ugomvi.

Zoezi la pili ni la kumsifu mtoto anapojishughulisha mwenyewe. Mama akitaka kupika au kuzungumza kwa simu, amwambie mtoto kazi ya kufanya na kwamba asimkatize. Kisha yeye ndiye aache sufuria kila baada ya dakika moja au mbili, aende kumsifu kwa kutomkatiza, na polepole arefushe muda kati ya sifa moja na nyingine. Kwa kawaida wazazi hufanya kinyume: humwendea mtoto anapokatiza, na humsahau anaponyamaza.

Kikao cha nne: vizibo

Kwa mtoto mkaidi, sifa peke yake mara nyingi haitoshi. Hapa huanzishwa sarafu ya nyumbani. Kwa watoto wa miaka minne hadi minane hutumiwa kitu cha kushika mkononi. Sisi tutatumia vizibo vya soda vilivyooshwa. Kwa wakubwa zaidi, alama katika daftari hutosha.

Wazazi waandike orodha mbili. Ya kwanza ni ya kazi na tabia zinazolipwa. Kwa mtoto wetu, kukoga na kuvaa kwa kuambiwa mara moja ni vizibo vitano, kupeleka sahani jikoni ni kimoja, kumaliza kazi ya skuli ni vitano, na kadhalika. Ya pili ni ya starehe zinazonunuliwa. Chakula, kulala, ibada na mapenzi ya wazazi haviuzwi. Vinavyouzwa ni vya ziada. Katuni nusu saa ni vizibo sita, mpira wa jioni ni vinane, mchezo wa simu kwa robo saa ni sita.

Hesabu ndiyo inayouangusha au kuusimamisha mpango huu. Mwongozo huelekeza kwamba thuluthi mbili hivi za mapato ya siku zitumike kwa starehe za kila siku, na thuluthi iliyobaki iwekwe akiba kwa jambo kubwa. Ikiwa siku ya kawaida humletea mtoto wetu vizibo thelathini, starehe tatu tulizozitaja zitamgharimu ishirini. Kumi huingia koponi. Basi safari ya jioni ya kwenda Mama Ngina kula mihogo ikiwekwa kwa vizibo sabini, ataifikia kwa siku saba. Ikiwekwa kwa mia tatu, atakata tamaa siku ya tatu.

Kizibo hutolewa baada ya kazi, wala si kabla yake kwa ahadi. Hutolewa pamoja na sifa, papo hapo. Wazazi wamwekee na vizibo vya ziada kwa lolote jema lililofanywa bila kuagizwa. Na katika wiki hii ya kwanza asitozwe hata kimoja. Mzazi mwenye hasira hutoza upesi kuliko anavyotoa, na mtoto aliyefilisika siku ya pili hana tena sababu ya kujitahidi.

Ishara ya hatari katika familia yetu ya mfano ilikuwa nyanya. Mtoto akikosa vizibo vya katuni, alikwenda chumbani kwake akatazama bure. Suluhisho halikuwa kumgombeza mama mtu mzima. Alipewa heshima ya kuwa mweka hazina: yeye ndiye aliyetunza kopo na kuhesabu akiba kila jioni. Tangu hapo hapakuwa na mlinzi mkali wa vizibo kama yeye.

Watakuwapo watakaosema kwamba hii ni rushwa. Rushwa hulipwa mtu afanye ovu, na hulipwa kabla. Hapa mtoto hulipwa baada ya jema, na malipo yatapunguzwa tabia ikishakuwa mazoea.

Kikao cha tano na cha sita: kiti cha kutulia

Sasa, na sasa tu, huja adhabu. Kwanza vizibo vianze kutozwa: anayekataa agizo lenye malipo ya vitano hutozwa vitano. Kisha huingia kiti. Kwa wiki hii kitumiwe kwa agizo moja au mawili tu ambayo mtoto huyakataa zaidi. Katika mfano wetu ni lile la kukoga.

Utaratibu ni huu, na mzazi aurudie mbele yako hadi aukariri. Mzazi hutoa agizo, kisha huhesabu moyoni hadi tano. Mtoto asipoanza, husema kwa sauti thabiti, "Usipokwenda kukoga, utakaa kwenye kile kiti," na huhesabu tena hadi tano. Asipoanza, humshika mkono, humpeleka, na husema, "Kaa hapa mpaka nikwambie uondoke." Baada ya hapo hakuna neno, hata mtoto akitukana, akiomba maji, au akiahidi kwamba sasa ataenda. Ahadi iliyotolewa kitini haipokelewi.

Kiti kiwe cha mgongo ulionyooka, mahali panapoonekana, mbali na televisheni, ukuta na vitu vya kuchezea. Kisiwe chooni, gizani, wala nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Muda ni dakika moja hadi mbili kwa kila mwaka wa umri. Mtoto wetu atakaa kati ya dakika saba na kumi na nne. Muda ukiisha, mzazi hungoja mpaka mtoto anyamaze walau nusu dakika, kisha huenda kumuuliza kama yuko tayari kukoga. Akikubali, huenda kukoga. Akikataa, hukaa tena. Agizo la mwanzo lazima litekelezwe, la sivyo kiti kitakuwa njia mpya ya kuikwepa kazi. Akishakoga, mzazi husema tu, "Vyema, umefanya nilivyokwambia," kisha hutafuta upesi jambo jema jingine amsifu kwa furaha.

Mwandae mzazi kwa siku ya kwanza. Mtoto aliyezoea kushinda kwa kelele hatakubali kwamba bei imebadilika mpaka aijaribu. Atalia kuliko alivyowahi kulia. Siku hiyo kiti chaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na ndiyo siku ambayo mama huona mambo yameharibika. Husemwa mchelea mwana kulia hulia yeye, na watu wameifanya methali hiyo kuwa ruhusa ya fimbo. Katika kikao hiki ina maana nyepesi zaidi: mzazi avumilie kilio bila kupiga na bila kusalimu amri. Akisalimu amri katika dakika ya ishirini, amemfundisha mtoto kulia dakika ishirini. Kwa hiyo asianze siku ambayo ana safari au wageni. Mshauri ampe nambari ya simu, naye awe tayari kupokea.

Mtoto akiondoka kitini, aonywe mara moja. Akirudia, arudishwe kwa utulivu na atozwe vizibo, au apelekwe chumba salama kilichoondolewa vya kuchezea, mlango ukiachwa wazi iwapo atabaki ndani. Asipigwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Na hata tukiiacha sheria, pigo moja humrudisha mzazi katika mtego wa kikao cha kwanza. Kwa mtoto aliyewahi kufungiwa au kudhulumiwa, kiti kisitumiwe bila kushauriana na daktari wa akili.

Kikao cha sita hutazama yaliyotokea na kuongeza kosa moja au mawili, kama kumpiga dada yake. Muulize mzazi mtoto alikaa mara ngapi na kwa dakika ngapi. Idadi ikipungua siku hadi siku, mpango unafaa. Ikibaki vilevile kwa wiki mbili, usiongeze ukali. Mara nyingi utakuta onyo linarudiwa mara tatu badala ya moja, au muda wa pekee umeachwa kimyakimya.

Kikao cha saba na cha nane: nje ya nyumba

Kiti kikishatulia nyumbani, ndipo mzazi huruhusiwa kutoka nacho. Siri ni kupanga kabla. Kabla ya kuingia sokoni au harusini, mzazi husimama na mtoto nje na kumwambia mambo matatu: kanuni, ambazo zisizidi tatu, vizibo atakavyopata, na kitakachotokea akikataa. Mtoto azirudie kanuni mwenyewe. Kisha apewe kazi, kama kubeba kikapu au kuhesabu nazi, kwa kuwa mtoto asiye na kazi hujitafutia. Akikosea, mahali popote patulivu pembeni huwa kiti, kwa nusu ya muda wa nyumbani.

Kwa skuli na chuo hutumiwa kadi ya kila siku. Mama wa mfano wetu alimwendea mwalimu wa chuo akamwomba aandike alama moja hadi tano kwa mambo mawili tu: kukaa mahali pake, na kutii anapoambiwa. Mtoto huileta kadi nyumbani na alama hugeuzwa kuwa vizibo. Kadi iliyopotea huhesabiwa kuwa siku mbaya. Mwalimu asitwishwe mambo kumi. Mwenye wanafunzi arobaini hatayaandika. Na mama asome mema kwanza, kabla ya kuulizia mabaya.

Kikao cha tisa na cha kumi: kuachana na mshauri

Katika kikao cha tisa mshauri hutoa mitihani badala ya majibu. "Mtoto akianza kutoamka asubuhi, utafanyaje?" Mzazi ajibu mwenyewe: atahesabu kwanza kwa wiki moja, atatazama kinachofuatia, ataligeuza agizo, ataweka malipo, kisha adhabu. Akiweza kueleza hayo bila kusaidiwa, mafunzo yamemwingia. Vizibo navyo vipunguzwe polepole, jambo moja baada ya jingine, sifa ikibaki.

Kikao cha kumi huja baada ya mwezi mmoja. Daftari hufunguliwa tena kwa hesabu ileile ya mwanzo. Mama wa mfano wetu alikuja na maagizo ishirini na manane, na ishirini kati yake yalitekelezwa kwa kusemwa mara moja. Mshauri atazame namba zote mbili. Utiifu umeongezeka, na maagizo nayo yamepungua, kwa kuwa mama ameacha kusema asilokusudia kulisimamia. Manane bado yanakataliwa, na hilo ni jambo la kawaida kwa mtoto wa miaka saba.

Zipo nyumba ambazo njia hii haitoshi. Mtoto anayeumiza watu au wanyama, anayechoma vitu au kutoroka nyumbani, apelekwe kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti. Kadhalika yule ambaye ukaidi wake umechanganyika na kutotulia kupita kiasi. Kijana aliyebaleghe hahitaji vizibo wala kiti, bali njia nyingine ya kujadiliana. Na nyumba ambamo baba hubomoa jioni alichojenga mama mchana haitafika kikao cha sita. Ndiyo maana katika mfano wetu vikao vilipangwa kwa kufuata zamu za baba, hata ilipobidi kuahirisha wiki nzima.

Mwalimu wa chuo alimbakisha mtoto. Kadi yake ya mwisho ilikuwa na nne kwa kukaa, na tatu kwa kutii.